WIMBO NI MALI: ANGALIA JINA LILILO KWENYE AKAUNTI

Wafanyabiashara wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda wanajua hasara ya butura: mkulima anauza kahawa ingali mtini, na msimu ukifika mavuno ni ya mwingine. Katika biashara ya nyimbo butura ipo pia, nayo huanzia kwenye akaunti ya msambazaji.

Spotify na Apple Music hazipokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii binafsi. Lazima upite kwa msambazaji, kama vile DistroKid, TuneCore au CD Baby. Huyo ndiye anayeupeleka kwenye majukwaa, kukusanya mapato na kulipa mwenye akaunti. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kuweka fedha ni hili: akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Mara nyingi ni ya studio iliyorekodi. Wakikorofishana, msanii hana ufunguo na mfadhili hana pa kudai.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Omurushaka anatoa shilingi 400,000 kwa kijana wa Kyerwa kwa ajili ya studio, picha ya jalada na ada ya msambazaji. Wanakubaliana kwa maandishi: msanii asilimia 60, mfadhili 25, mtayarishaji 15. Akaunti ni ya msanii, na migao inaingizwa humo humo ili kila mmoja alipwe moja kwa moja. DistroKid, kwa mfano, ina huduma hiyo. Kwa mgao wa asilimia 25, mfadhili atarudisha fedha yake wimbo ukiingiza shilingi 1,600,000. Hesabu hiyo aifanye kabla ya kutoa fedha.

Siku ya kupakia, faili iwe WAV na jalada liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo ya studio. Jina la mtunzi liwe lile la kwenye kitambulisho. Tarehe ya kutoka iwekwe wiki tatu au nne mbele.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Msambazaji huuliza kama msanii tayari yupo kwenye Spotify. Kijana wetu anatumia jina la kawaida, na msanii wa nchi nyingine analo pia. Akichagua ukurasa usio wake, wimbo unakwenda kwa huyo mwingine, na wasikilizaji pia. Msanii mpya achague kufunguliwa ukurasa mpya. Mwenye ukurasa abandike kiungo chake hasa.

Wimbo ukishafikishwa, msanii aingie artists.spotify.com na kudai ukurasa wake. Jukwaa huthibitisha kuwa ndiye mhusika, na wasambazaji kadhaa hufupisha hatua hiyo kupitia akaunti zao. Apple nayo ina mlango wake, artists.apple.com. Akishakubaliwa, msanii hubadili picha, huona idadi ya wasikilizaji, na anaweza kumwongeza mfadhili kama msomaji tu wa takwimu. Asimpe usimamizi mtu asiyemwamini. Aidha, apendekeze wimbo kwa wahariri wa Spotify walau siku 7 kabla haujatoka.

Utajuaje kuna kasoro? Siku ya kutoka, tafuta jina la msanii. Ukikuta nyimbo usizozijua zimechanganyika na wako, mwandikie msambazaji siku hiyo hiyo, ukiambatanisha viungo vya kurasa zote mbili.

Mfadhili asitegemee fedha ya haraka. Taarifa za mauzo huchelewa miezi kadhaa. Tena, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita.

Jambo la mwisho ni ada. Wasambazaji wengine hutoza kila mwaka, na usipolipa wimbo unaweza kuondolewa. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo. Wimbo huweza kuamka baadaye: "Maria Salome" wa Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, ulivuma mwaka 2001, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa sura mpya. Ukihama msambazaji, pakia faili ile ile kwa namba ile ile ya ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, ndipo hesabu ya wasikilizaji ibaki. Usiondoe toleo la zamani kabla jipya halijaonekana.

Kabla ya kutoa shilingi, basi, omba uonyeshwe mambo matatu: barua pepe ya akaunti, migao iliyoingizwa na namba ya ISRC.