SOMO: BETA YA HISA, JINSI INAVYOKOKOTOLEWA NA JINSI INAVYOPOTOSHA

Chama kinapofikiria kuweka sehemu ya akiba yake katika hisa za kampuni, dalali wa soko la hisa huleta karatasi yenye tarakimu nyingi, na miongoni mwa hizo imo moja iitwayo beta. Halmashauri ikiona beta ya 0.26, huelezwa kwamba hisa hiyo ni tulivu na haiyumbi soko linapoyumba. Huenda ikawa kweli. Lakini huenda pia tarakimu hiyo imetokana na miezi ambayo hisa haikuuzwa wala kununuliwa. Katibu ajuaye kuzidisha na kugawanya anaweza kuihakiki mwenyewe kabla fedha za wanachama hazijatoka.

Beta hueleza jinsi pato la hisa moja lilivyozoea kwenda pamoja na pato la soko zima. Kipimo hiki kilienea baada ya maandishi ya mtaalamu wa Marekani, William Sharpe, ya mwaka 1964. Beta ya 1 maana yake ni kwamba soko likipanda au kushuka kwa asilimia moja, hisa hiyo kwa wastani huenda nalo kwa kiasi hichohicho. Ikizidi 1, hisa huyumba kuliko soko. Ikipungua, huyumba kidogo. Hupatikana kwa kugawanya kovariansi ya hisa na soko, yaani kipimo cha jinsi viwili hivyo vinavyoachana na wastani wao kwa pamoja, kwa variansi ya soko, yaani kipimo cha jinsi soko lenyewe linavyoachana na wastani wake.

Kazi huanza na pato la kila mwezi, wala si bei peke yake. Ichukuliwe hisa iliyoanza mwezi kwa shilingi 200, ikamaliza kwa shilingi 206, na katika mwezi huo ikatoa gawio la shilingi 6. Pato lake ni shilingi 12 juu ya 200, yaani asilimia 6. Anayesahau gawio ataandika asilimia 3, na hesabu yote itakayofuata itakuwa na kasoro. Pato la soko hupatikana kwa kufuata mabadiliko ya faharisi ya soko. Kama faharisi hiyo haihesabu gawio, ni vizuri jambo hilo likumbukwe.

Tuseme katika miezi sita, pato la soko na la hisa hiyo, kwa asilimia, lilikuwa hivi:

| Mwezi | Soko | Hisa |
|---|---|---|
| 1 | 4 | 6 |
| 2 | -2 | -2 |
| 3 | 6 | 6 |
| 4 | 0 | -2 |
| 5 | -4 | -5 |
| 6 | 2 | 3 |

Jumla ya kila safu ni 6, kwa hiyo wastani wa kila moja ni 1. Kila tarakimu ipunguzwe wastani huo. Soko litabaki na 3, -3, 5, -1, -5 na 1. Hisa itabaki na 5, -3, 5, -3, -6 na 2. Kisha masalio ya mwezi mmoja yazidishwe, la soko kwa la hisa: 15, 9, 25, 3, 30 na 2. Hapa ndipo madaftari mengi huharibika, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya: mwezi ambao vyote viwili vilianguka huongeza jumla, wala hauipunguzi. Jumla ni 84. Masalio ya soko yakizidishwa yenyewe kwa yenyewe huleta 9, 9, 25, 1, 25 na 1, jumla 70.

Ili kupata kovariansi na variansi zenyewe, jumla hizo hugawanywa kwa idadi ya miezi ikipunguzwa moja, yaani 5. Kovariansi ni 16.8 na variansi ni 14. Beta ni 16.8 kwa 14, yaani 1.2. Mtu akigawanya zote mbili kwa 6 atapata 1.2 ileile, kwa sababu kigawanyo hujifuta. Kosa ni kuchanganya. Katika kompyuta hutokea kwa urahisi mno, mtu akiandika hivi:

```
=COVARIANCE.P(C2:C7,B2:B7)/VAR.S(B2:B7)
```

Amri ya kwanza hugawanya kwa 6 na kupata 14. Ya pili hugawanya kwa 5 na kupata 14. Jibu ni 1 kamili, tarakimu nzuri ya kuvutia, nayo si sahihi. Njia salama ni hii, ambamo safu ya hisa hutangulia na ya soko hufuata:

```
=SLOPE(C2:C7,B2:B7)
```

Zikigeuzwa, jibu huwa 0.78, na kompyuta haitalalamika.

Sasa turudi kwenye ile 0.26. Ichukuliwe kwamba hisa ni ileile, lakini mwezi wa 3 na wa 5 hapakuwa na mnunuzi wala muuzaji. Bei ya zamani hubaki ubaoni, na pato huandikwa sifuri. Badiliko lililopaswa kuonekana hujitokeza mwezi unaofuata, likiwa limechanganyika na la mwezi huo. Kwa kukadiria, safu ya hisa itasomeka 6, -2, 0, 4, 0 na -2. Wastani bado ni 1, lakini jumla ya mazao ya kuzidisha huanguka kutoka 84 hadi 18. Gawa kwa 70: ni 0.26. Hisa haikutulia hata kidogo, ilichelewa kusema. Zaidi ya hayo, hisa isiyopata mnunuzi ni hatari yenyewe kwa chama kitakachohitaji fedha taslimu wakati wa msimu wa ununuzi wa mazao.

Jambo hili si geni katika masoko ya kwetu. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954 na la Dar es Salaam likaanza mauzo mwaka 1998, na katika yote mawili zimo hisa zinazokaa siku nyingi bila kuuzwa. Dawa moja ni kurefusha kipindi. Miezi ikiunganishwa miwili miwili katika mfano wetu, soko husomeka 2, 6 na -2, na hisa husomeka 4, 4 na -2, iwe ilichelewa au haikuchelewa. Beta huwa 24 kwa 32, yaani 0.75. Ucheleweshaji umeondoka, ila vipindi vitatu ni vichache mno kuaminiwa. Kwa kawaida wataalamu hutafuta miezi kama 60. Elroy Dimson, mwaka 1979, alipendekeza njia nyingine: hisa ipimwe pia dhidi ya pato la soko la vipindi vya jirani, kabla na baada, kisha majibu yajumlishwe.

Ifahamike pia kwamba beta haisemi lolote juu ya msiba wa kampuni yenyewe. Kiwanda chaweza kufilisika katika mwaka ambao soko limetulia, na beta yake ikawa ndogo hadi siku ya mwisho.

Kwa hiyo karatasi ya dalali inapofika, katibu amtake aandike kando ya beta mambo matatu: ni faharisi ipi iliyotumika, maana Dar es Salaam ina faharisi ya kampuni zote na ya kampuni za Tanzania pekee, nazo hazileti jibu moja, ni vipindi vingapi, vya wiki au vya mwezi, na katika vipindi hivyo, ni vingapi ambavyo hisa haikuuzwa kabisa. Majibu yaingizwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarakimu yenyewe.