Somo la Uandishi: Tangazo la Duka Liseme kama Mtu

Katika masomo yetu ya Kiswahili twafundishwa kuandika barua rasmi, kumbukumbu za mkutano na taarifa. Hayo ni mema, maana ofisini yanatakiwa. Lakini mtu akitoka shuleni akaombwa na mwenye duka amwandikie tangazo, huchukua lugha ile ile ya ofisi akaibandika mlangoni pa duka. Wateja husoma mstari wa kwanza, wakaenda zao. Somo la leo laonyesha jinsi ya kuligeuza tangazo la namna hiyo liwe na sauti ya mtu, bila kupoteza hata neno moja lenye maana.

Tutatumia mfano tuliojitungia. Hapa Elerai pana duka la vyakula. Watu wote humwita mwenyewe "Mangi", na vijana wawili humsaidia. Duka hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Siku moja mlangoni palionekana karatasi hii:

TANGAZO KWA WATEJA WOTE
Uongozi wa duka unapenda kuwatangazia wateja wote kuwa, kutokana na zoezi la uhakiki wa mali litakalofanyika Jumamosi tarehe 14, huduma zote zitasitishwa kuanzia saa 08:00 hadi saa 14:00. Aidha, wateja wote wenye madeni wanatakiwa kukamilisha malipo yao kabla ya tarehe tajwa. Bidhaa zitakazorejeshwa bila risiti hazitapokelewa. Uongozi hautahusika na usumbufu wowote utakaojitokeza.
Uongozi.

Sarufi yake haina kosa, lakini itazameni saa. Katika Kiswahili twahesabu saa tangu jua linapochomoza, na saa ya ofisi huhesabiwa tangu usiku wa manane. Basi "08:00" ya ofisi ni saa 2 asubuhi, na "14:00" ni saa 8 mchana. Mama ntilie akisoma "saa 08:00" atadhani ni saa nane mchana. Atakuja saa 4 asubuhi kuchukua unga na mafuta ya chakula cha mchana, akute mlango umefungwa. Hasara ya siku ile ni yake, na Jumatatu atanunua kwingine. Kwa hiyo ugumu wa lugha si jambo la kupendeza au kutopendeza tu. Humfanya mtu apotee njia.

Hatua ya kwanza: Nani anasema?

Huyu "uongozi" ni nani? Ni Mangi na vijana wake wawili. Mteja huwaona kila siku, naye hajapata kumwona mtu aitwaye Uongozi. Basi tuondoe neno hilo, tuweke nafsi ya kwanza wingi: tutafunga, tutafungua, hatuwezi. Kiambishi kidogo "tu-" chatosha kumrudisha mtu mwenye sura mlangoni.

Na anaambiwa nani? Wateja ni wengi, lakini karatasi husomwa na mmoja mmoja. Kwa hiyo yafaa kutumia umoja: ukihitaji, ukirudisha, uje. Angalieni salamu. Shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa, na karatasi haijui kama anayeisoma ni bibi au ni mtoto aliyetumwa sukari. Neno "Karibu" ndilo linalomfaa kila mtu. Pia tusiandike lugha ya vijana wa mjini, kwani mzee aliyeshuka kutoka vijiji vya Meru ataona kwamba hakuandikiwa yeye.

Hatua ya pili: Rudisheni vitenzi

Lugha ya ofisi hupenda kugeuza tendo kuwa jina, kisha hutafuta kitenzi kingine cha kulibeba jina hilo. "Zoezi la uhakiki wa mali litakalofanyika" ni maneno sita, na maana yake yote imo katika maneno mawili: "tutahesabu mali". Vivyo hivyo, "kukamilisha malipo" ni kulipa, na "huduma zitasitishwa" ni tutafunga.

Wengine hufundisha kwamba kauli ya kutendwa ni mbaya siku zote. Sivyo. "Duka limefungwa" ni Kiswahili kizuri, wala hakuna haja ya kumtaja aliyelifunga. Ubaya huja pale kauli hiyo inapotumiwa kumficha mtu ambaye mteja angependa kumjua. "Wanatakiwa kulipa": wanatakiwa na nani? "Hazitapokelewa": nani amekataa? Mkisoma tangazo, ulizeni swali hilo kila mnapokutana na kitenzi cha namna hiyo. Jibu likiwa ni Mangi, basi Mangi na aseme mwenyewe.

Hatua ya tatu: Sharti libaki sharti

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wakiambiwa walainishe tangazo, huandika: "Wateja wetu wapenzi, tutafunga kidogo asubuhi, msituchoke jamani." Maneno ni matamu, lakini saa imepotea, tarehe imepotea, na habari ya risiti imepotea. Tangazo la kwanza lilikuwa gumu lenye habari, hili ni laini lisilo na habari. Kabla ya kubadili neno lolote, chukueni kalamu mpige mstari chini ya kila siku, saa, bei na sharti. Hivyo vyote lazima vionekane tena katika tangazo jipya.

Kiswahili kina ngazi za kuagiza, nazo hutusaidia sana. Tazameni namna tatu za sharti la risiti. "Njoo na risiti" ni amri, nayo huweza kusikika kwa ukali. "Uje na risiti" lina agizo lile lile, lakini limepoa, maana hali hii ya kitenzi hutumika pia katika kuomba na kushauri. "Ungekuja na risiti" limelegea mno. Mteja aweza kudhani kwamba risiti si ya lazima, kisha akaja kugombana na kijana wa duka. Ngazi ya kati ndiyo tunayoitaka, nasi tutaitia nguvu kwa kusema matokeo: "Ukirudisha kitu, uje na risiti, bila risiti hatuwezi kukipokea." Hakuna aliyetishwa, wala hakuna atakayesema hakujua.

Mfano mzuri wa kazi hii wote twaufahamu. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, na sheria ya kodi humtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai. Mamlaka ya Mapato Tanzania ingaliweza kubandika vifungu vya sheria kila mahali. Badala yake ilitangaza: "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Ni maneno sita tu. Kiambishi "-ki-" chaonyesha wakati wa kutenda, kitenzi chaonyesha la kutenda, na kila upande umepewa wajibu wake. Amri imebaki amri, lakini mtu huishika akiisikia mara moja.

Hatua ya nne: Deni lina mwenyewe

Neno "wateja wote wenye madeni" limebandikwa mahali ambapo jirani husimama na jirani. Anayedaiwa akisoma huona amenyoshewa kidole, na asiyedaiwa huona kwamba karatasi yamshuku. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi haifai kuyafanya matanga hayo kuwa ya hadharani. Deni kubwa na aelezwe mwenyewe, faraghani. Kama ni lazima jambo hili litajwe mlangoni, dukani watu husema "hesabu", neno ambalo halimwaibishi mtu. Twaweza kuandika: "Kama tuna hesabu nawe, tafadhali tuimalize kabla ya Jumamosi." Kwa "tuna" na "tuimalize", hesabu imekuwa ya watu wawili, lakini siku ya mwisho imebaki pale pale.

Hatua ya tano: Msaada badala ya kujitetea

"Uongozi hautahusika na usumbufu" ni maneno ya mtu anayejiandaa kushtakiwa. Mteja hataki kujua nani hatahusika. Ataka kujua atapata wapi unga. Tazameni jambo ambalo tangazo la kwanza lililificha: duka hufunguliwa saa 12 asubuhi, na kuhesabu mali kwaanza saa 2. Maana yake mama ntilie ana saa mbili nzima za kununua asubuhi ile ile. Habari hiyo yamfaa kuliko radhi kumi. Nasi tukimwomba radhi, tumwombe kwa Kiswahili chetu: "Utuwie radhi."

Sasa tangazo letu lasomeka hivi:

KARIBU, MTEJA WETU
Jumamosi tarehe 14 tutahesabu mali ya duka. Asubuhi tutafungua saa 12 kama kawaida, kisha tutafunga kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Baada ya hapo tutauza mpaka saa 3 usiku.
Ukihitaji vitu vya chakula cha mchana, chukua Ijumaa, au uje Jumamosi kabla ya saa 2 asubuhi.
Kama tuna hesabu nawe, tafadhali tuimalize kabla ya Jumamosi.
Ukirudisha kitu, uje na risiti. Bila risiti hatuwezi kukipokea.
Utuwie radhi.
Mangi na vijana wa duka

Tangazo hili si fupi kuliko la kwanza, wala si lazima liwe fupi. Tumepunguza maneno yasiyo na kazi, tukaongeza habari iliyokosekana. Tarehe tumeiandika, hatukusema "Jumamosi hii", kwa sababu karatasi ikisahauliwa mlangoni wiki nzima itawadanganya watu.

Jinsi ya kulipima

Kwanza, lisomeni kwa sauti mkiwa mmesimama kama mko dukani. Penye neno ambalo Mangi hawezi kumwambia mteja ana kwa ana, kama "tajwa" au "aidha", pafaa kuandikwa upya. Pili, msomeeni mtu wa nyumbani mara moja tu, kisha mwulizeni: Duka litafungwa saa ngapi, na unga nitaupata lini? Akijibu sawasawa, kazi imekwisha. Akikosea, msimlaumu yeye. Rudini kwenye karatasi.

Mambo mengine yaachwe na ugumu wake. Mkataba wa kupanga fremu ya duka, au barua ya kumdai mtu mbele ya baraza, hutaka maneno ambayo hakimu atayapima, na hapo lugha rasmi ina kazi yake. Somo hili ni la karatasi isomwayo na mtu aliyeshika kikapu.

Zoezi

Andikeni upya tangazo hili. Pigeni mstari kwanza chini ya kila jambo lisilopaswa kupotea: "Wateja wote mnaarifiwa kuwa kuanzia tarehe 1 bei ya kujaza mtungi wa gesi itabadilishwa. Aidha, ubadilishaji wa mitungi yenye kasoro hautafanyika baada ya saa 18:00. Ukiukwaji wa utaratibu huu hautavumiliwa." Tangazo hili lina upungufu mmoja mkubwa ambao hakuna ulaini wa lugha uwezao kuuponya. Utafuteni, kisha semeni mngemwuliza nini mwenye duka kabla ya kuandika.