Simu Unayouza, Ipige Picha na Mikwaruzo Yake

Wadogo zangu mnaouza simu zilizotumika mtandaoni, leo tuanze na ule ufa wa pembeni ya kioo ambao mnaukwepa kwenye picha. Mnunuzi atauona tu mkikutana. Ameshapanda daladala, umeshafika, na hapo ndipo simu ya 350,000 inaombwa kwa 250,000. Ukiuonyesha mapema, anayekuja anakuwa ameshaukubali.

Kwanza futa lenzi ya simu unayopigia, maana ina mafuta ya vidole. Tandika kitambaa cheupe karibu na dirisha, asubuhi au alasiri, jua lisipige moja kwa moja. Zima flashi: kioo kinairudisha kama doa jeupe, na mikwaruzo inapotea. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Piga mbele ikiwa imewaka, mgongo, pembe zote na tundu la chaji. Ufa upige kwa karibu, sarafu ikiwa pembeni ili ukubwa wake ueleweke. Piga pia ukurasa wa mipangilio unaoonyesha modeli na ukubwa wa hifadhi, lakini ziba namba ya IMEI. Atakayetaka kuihakiki ataiona mkikutana, kwa kupiga *#06#. Na kabla ya kupandisha picha, angalia nyuma ya simu: lisiwepo geti lenu wala sare ya mtoto yenye jina la shule.

Mahali pa kukutana chagua wewe, na iwe mchana. Kwa wa Dar, ndani ya Mlimani City panafaa, kuna watu, walinzi na viti. Nenda na mtu, na mwingine nyumbani ajue uko wapi. Mnunuzi akibadilisha mahali dakika za mwisho, eti umfuate kwenye gari au kwa kaka yake mtaa wa nyuma, rudi nyumbani. Kuijaribu simu ni haki yake: aweke laini yake, apige, arekodi sauti, ila mkiwa mmekaa.

Kwenye malipo mdogo wangu tulia kabisa. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kutungwa na mtu yeyote. Mara nyingi unatoka kwenye namba ya kawaida, na salio lililoandikwa haliendani na lako. Usiusome kwenye simu yake. Kama ni M-Pesa ya Tanzania, piga *150*00# uangalie salio mwenyewe. Kwa pesa ya kiasi hicho ningependa mkutane karibu na wakala, uitoe palepale, kwa sababu mtu akishaondoka anaweza kupiga huduma kwa wateja akadai alituma kimakosa. Noti zikiwa mkononi mwako, ndipo uondoe akaunti yako ya Google mbele yake, ufute kila kitu, umkabidhi simu na risiti ya dukani kama bado unayo.