Kichwa cha barua pepe kisichodanganya

Swali: Nina duka la vitenge. Kila mwezi nawatumia wateja barua pepe yenye kichwa "Habari za mwezi", na wachache ndio huifungua. Rafiki ananishauri niandike "Re: oda yako". Nifanye hivyo?

Jibu: Usifanye. Asiye na oda atafungua leo, kisha atakuripoti kama barua taka, na barua zako zijazo zinaweza kutupwa kwenye folda ya barua taka hata kwa wateja wengine.

Kichwa chako cha sasa hakisemi kitu. Tanguliza habari yenyewe, maana simu nyingi hukata maneno baada ya herufi 40 hivi: "Bei ya vitenge imeshuka hadi Jumamosi".

Mstari mdogo unaofuata kichwa ndio wengi huusahau. Usipouandika, programu huokota maneno ya kwanza ya barua, mara nyingi "Kama huoni picha, bonyeza hapa". Hapo taja mpaka wa ofa: "Ni vya buluu na kijani tu, vingine bei ileile". Anayetaka chekundu hatakasirika.

Matokeo yapime kwa waliobonyeza kiungo. Tangu 2021 Apple Mail inaweza kupakua picha kabla mtu hajasoma, ikahesabika amefungua.