Kuisoma ripoti ya maabara ya mafuta ya karafuu

Anayenunua mafuta ya karafuu kwa jumla hupewa karatasi ya maabara yenye mchoro wa vilele na jedwali. Safu mbili za jedwali hilo ndizo za kutazama: RT na Area%. Anachotaka kujua mnunuzi ni kama mafuta yametoka kwenye karafuu yenyewe au kwenye makonyo na majani, ambayo bei yake ni ndogo. Pua haitamsaidia sana, kwa kuwa yote yamejaa yujenoli na yote hunukia karafuu.

Fundi huchanganya mikrolita 10 za mafuta na mililita 1 ya heksani, kisha huingiza mikrolita 1 ya mchanganyiko huo kwa sindano kwenye chumba chenye joto la nyuzi 250. Mafuta hugeuka mvuke papo hapo. Sehemu kubwa ya mvuke hutolewa nje, na kiasi kidogo kinachobaki husukumwa na gesi ya heliamu kwenye kolamu, yaani mrija wa mita 30, mwembamba kama uzi, uliozungushwa ndani ya oveni. Ukuta wa ndani wa mrija umepakwa utando wa silikoni, na hapo ndipo mchanganyiko unapoachana. Kila kemikali mara inasafiri na gesi, mara inazama kwenye utando. Isiyopenda kuwa mvuke, au inayopatana na utando, huzama kwa muda mrefu zaidi na hivyo hukawia. Oveni huanzia nyuzi 60 na kupanda nyuzi 3 kila dakika, ili zile nzito nazo zipate joto la kuzitoa. Mwishoni kuna mwali mdogo wa hidrojeni. Kinachotoka huungua, mkondo wa umeme hupanda, na kilele huchorwa.

RT ni dakika ambazo kemikali imetumia tangu sindano hadi kilele chake. Dakika hizo peke yake hazitoshi kuitambua, maana kolamu ikikatwa kidogo au kasi ya gesi ikibadilika, nazo hubadilika. Maabara makini hupitisha pia mfululizo wa alkani na kuzitumia kama vipimo vya njiani. Tuseme alkani ya kaboni 14 imetoka dakika ya 25.6, ya kaboni 15 dakika ya 29.5, na kilele chetu dakika ya 26.34. Kimevuka asilimia 19 ya nafasi iliyopo kati yao, kwa hiyo namba yake ni 1419, ambayo kwa kolamu ya aina hii ni ya beta-kariofilini. Yujenoli huwa karibu na 1357, na asetati ya yujenoli karibu na 1522. Namba hizi husafiri kutoka maabara moja hadi nyingine, dakika hazisafiri.

Hata hivyo, yujenoli ina vituko vyake. Ni nyingi mno, hivyo sampuli ikiwa nzito kilele chake huinama upande mmoja, RT yake husogea mbele, na kinaweza kumeza kilele kidogo cha alfa-kopaini kilicho jirani. Ukiona mlima usio na ulinganifu, omba sampuli ipunguzwe makali na kupimwa upya.

Sasa eneo la kilele, ambalo ndilo chanzo cha Area%. Tuseme yujenoli imepata 1,560,000, beta-kariofilini 240,000, asetati ya yujenoli 180,000 na alfa-humuleni 20,000. Jumla ni 2,000,000, na mgawanyo ni asilimia 78, 12, 9 na 1. Famakopia ya Ulaya hutaka yujenoli 75 hadi 88, beta-kariofilini 5 hadi 14, na asetati 4 hadi 15. Ni asetati inayotupa jibu: karafuu huwa nayo nyingi, ilhali kwenye mafuta ya majani mara nyingi haifiki hata asilimia 1. Sampuli hii ina sura ya mafuta ya karafuu.

Lakini asilimia hizo si za uzito. Mwali huitikia kaboni inayoungua, na yujenoli ina kaboni asilimia 73 tu ya uzito wake, ilhali beta-kariofilini ina 88. Kwa hiyo bila kusahihisha, yujenoli huonekana pungufu kidogo kuliko ilivyo.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba Area% daima hujumlika kuwa 100, na hiyo 100 ni ya vilivyotoka tu. Mtu akichanganya mafuta haya nusu kwa nusu na mafuta ya kupikia, mafuta hayo ya kupikia hayatatoka kwenye kolamu kwa joto hili, na ripoti itaendelea kusema yujenoli 78. Ukishuku hivyo, iambie maabara ipime uzito wa sampuli, iongeze kiasi kinachojulikana cha kemikali isiyomo kwenye karafuu, na ikokotoe gramu za yujenoli kwa kulinganisha eneo lake na la kemikali hiyo, baada ya kurekebisha mashine kwa yujenoli safi. Mafuta yaliyochanganywa nusu kwa nusu yataonyesha karibu nusu ya gramu zinazotarajiwa.