Utata katika Tungo: "Mbezi Mwisho Bei Gani?"

Soma kwanza hadithi hii fupi, kisha tuichambue pamoja.

Saa saba mchana Rehema alifika kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mwenge, Dar es Salaam, akiwa na bahasha ya vyeti mkononi. Vyeti vilikuwa vya mdogo wake, Zuhura, aliyekuwa anasafiri kwenda Dodoma kwenye usaili wa kesho yake asubuhi. Alikuwa amevisahau mezani. Basi lake lilikuwa linaondoka saa nane.

"Kaka, Mbezi mwisho bei gani?" Rehema aliuliza huku anahema.

"Mwisho elfu nne, dada yangu. Panda."

Rehema hakubishana, aliona hata amepunguziwa. Alivaa kofia ngumu, akaikumbatia bahasha, wakaondoka. Pikipiki ilishika Barabara ya Bagamoyo, ikapita Lugalo, ikaenda kusimama Tangi Bovu.

"Mbezi hii, dada. Nikushushe wapi?"

"Mbezi gani hii? Mbona Kimara hatujapita?"

"Kimara tena? Hii ni Mbezi Beach."

"Mimi nilikwambia Mbezi Mwisho!"

"Uliniuliza mwisho bei gani, nikakutajia."

Ikabidi wakate kupitia Goba. Walipofika Mbezi Mwisho ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Zuhura alikuwa amekaa juu ya begi lake kando ya barabara. Basi lilikuwa limeondoka bila yeye. Dereva akadai elfu sita zaidi kwa safari ya pili, Rehema akakataa, na hadithi inawaacha hapo wakibishana.

Tusimlaumu mtu haraka. Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, na Mbezi Mwisho, ambayo wengine huiita Mbezi Luis, iko Barabara ya Morogoro, mbele ya Kimara. Ukitoka Mwenge kwenda Mbezi Mwisho, njia ya kawaida ni kupitia Ubungo. Kwa hiyo neno "Mbezi" peke yake tayari lina utata, kwa kuwa jina moja linataja mahali pawili.

Lakini kilichowapoteza hasa ni neno "mwisho". Kwa Rehema lilikuwa sehemu ya jina la mahali. Kwa dereva, ambaye kutwa nzima anapatana bei na abiria, "mwisho bei gani" ni swali la kuomba bei ya chini kabisa. Wote wawili walitumia Kiswahili sahihi. Ndiyo maana tunauita utata, hatuuiti kosa la kisarufi.

Je, maandishi yangesaidia? Kwa kiasi. Ukiandika "Mbezi Mwisho, bei gani?" kwa herufi kubwa na mkato baada ya "Mwisho", msomaji anaona jina la mahali. Ukiandika "Mbezi, mwisho bei gani?" anaona mtu anayepatana bei, ila bado hajui ni Mbezi ipi. Kwenye mazungumzo herufi kubwa haisikiki. Kilichobaki ni kutua mahali panapofaa, na Rehema alikuwa anahema. Angesema "Mbezi ya Kimara", kila dereva wa pale kijiweni angemwelewa.

Muktadha nao ulitoa dalili: Mbezi Mwisho ni mbali zaidi, kwa hiyo nauli ndogo ilipaswa kumshtua Rehema. Yeye aliifurahia.

Sasa tuje kwenye mtihani. Ukiambiwa utoe maana mbili za tungo "Mbezi mwisho bei gani?", wanafunzi wengi huandika: (i) Nauli ya kwenda Mbezi Mwisho ni kiasi gani? (ii) Kufika Mbezi Mwisho kunagharimu shilingi ngapi? Hapo umepata maana moja tu, umeibadilishia maneno. Jibu linalokubalika ni hili: (i) Nauli ya kwenda mahali paitwapo Mbezi Mwisho ni kiasi gani? (ii) Nauli ya chini kabisa ya kwenda Mbezi ni kiasi gani? Jipime hivi: je, mtu anaweza kujibu swali la kwanza bila kuwa amejibu la pili? Kama hawezi, maana zako ni moja.

Zoezi

1. Toa maana mbili za kila tungo, kisha eleza chanzo cha utata wake: (a) Abiria ameshushwa na mtoto. (b) Dereva aliikimbilia pikipiki yake.

2. Andika upya tungo 1(a) mara mbili, kila mara ibaki na maana moja tu.

3. Kwa kutumia ushahidi kutoka kwenye hadithi, eleza nani alipaswa kulipa zile shilingi elfu sita. Ushahidi ndio utakaopewa alama, hata kama msahihishaji hakubaliani na upande uliouchagua.