Bei Mbili kwa Mnunuzi wa Nje: Namna ya Kuandika Shilingi na Dola Bila Kuchanganya

Vikundi kadhaa vya wajasiriamali katika halmashauri nyingi nchini sasa hupokea oda za vikapu, asali na viungo kutoka kwa wanunuzi walio nje ya nchi. Mnunuzi wa namna hiyo huomba bei kwa dola, ilhali kikundi hukokotoa gharama zake kwa shilingi. Makala haya yanaeleza namna ya kuziweka fedha hizo mbili katika karatasi moja ili mnunuzi ajue atalipa nini, na kikundi kijue kitapokea nini.

Tenganisha bei ya kibandani na bei ya nje

Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025, zinakataza kutangaza au kutoza bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kwa hiyo kibandiko cha bei kilichopo kibandani, sokoni au kwenye maonesho kiandikwe kwa shilingi peke yake, hata kama mteja aliyesimama mbele yako ni mtalii. Mtalii hubadilisha fedha zake benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, kisha hulipa kwa shilingi.

Bei yenye dola ni ya karatasi nyingine kabisa: ankara kifani anayopelekewa mnunuzi aliye nje, kwa mzigo utakaosafirishwa kwenda kwake. Karatasi hizo mbili zisichanganywe, wala nakala ya ankara ya nje isibandikwe kibandani.

Fedha moja ndiyo bei, nyingine ni maelezo

Mkanganyiko mwingi huanza pale ankara inapoonesha shilingi na dola zikiwa na hadhi sawa. Siku ya malipo kiwango cha kubadilishia kikiwa kimesogea, kila upande hushika tarakimu inayoufaa. Dawa yake ni kutamka wazi ni fedha ipi inayolipwa. Ikiwa malipo ni ya dola, dola ndiyo bei, na shilingi huandikwa pembeni kama ulinganisho tu, pamoja na kiwango kilichotumika na tarehe yake.

Kiwango kipi kitumike?

Benki huwa na viwango viwili. Kimoja ni cha kununua dola kutoka kwa mteja, na kingine, kilicho juu zaidi, ni cha kumuuzia mteja dola. Kikundi kinachopokea dola kutoka nje kinaiuzia benki dola hizo. Kwa hiyo kiwango kinachokihusu ni kile cha benki kununua. Viwango vinavyotolewa kila siku na Benki Kuu vinafaa kwa kufuatilia mwenendo wa soko, lakini kitakachotumika kwenye akaunti ya kikundi ni cha benki yake.

Tuchukue mfano wa kikundi chenye oda ya vikapu 40, ambacho kimekokotoa kuwa kila kikapu kiuzwe kwa shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 1,200,000. Tuseme, kwa ajili ya hesabu hii tu, benki inanunua dola kwa shilingi 2,500 na kuiuza kwa shilingi 2,600.

Katibu akigawanya kwa 2,500, kikapu kinakuwa dola 12.00 na oda nzima dola 480.00. Benki ikizinunua dola hizo, kikundi kinapata shilingi 1,200,000 kama kilivyokusudia. Akigawanya kwa 2,600, oda nzima inakuwa dola 461.54. Mnunuzi atalipa kiasi hicho kwa uaminifu wote, lakini benki itazinunua kwa 2,500 na kikundi kitapata shilingi 1,153,850. Pungufu ni shilingi 46,150, zaidi ya bei ya kikapu kimoja na nusu, na hakuna aliyeiba. Dalili ya kosa hili ni upungufu unaofanana kila oda, hata pale ambapo kiwango hakijabadilika.

Ukishapata bei ya dola ya kikapu kimoja, ikadirishe hadi senti mbili, kisha izidishe kwa idadi. Usikokotoe bei ya kikapu kwa njia moja na jumla kwa njia nyingine. Katika mfano wa pili, kikapu kingekuwa dola 11.54, na mara 40 ni dola 461.60, wakati jumla iliyogawanywa moja kwa moja ni dola 461.54. Tofauti ni senti sita tu, lakini mhasibu wa mnunuzi anaweza kuirudisha ankara isiyojumlishika.

Bei iwe na mwisho wake

Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, kisha ikashuka hadi kukaribia 2,400 kabla mwaka haujaisha. Kikundi kilichotoa bei ya dola bila kikomo katika kipindi kama hicho huumia shilingi inapoimarika. Katika mfano wetu, benki ikianza kununua dola kwa 2,400, zile dola 480 zitaleta shilingi 1,152,000. Kwa hiyo andika siku ambayo bei inakoma. Majuma mawili yanatosha kwa oda ndogo. Siku hiyo ikipita kabla mnunuzi hajathibitisha, toa ankara mpya yenye kiwango kipya.

Alama zinazopotosha

Alama ya "Sh" hutumika pia Kenya na Uganda, na alama ya "$" ni ya dola za nchi nyingi, zikiwemo Kanada na Australia. Tumia herufi tatu za kimataifa: TZS na USD. Tarakimu nazo zina lugha yake: Ujerumani nukta hutenga maelfu na mkato hutenga senti, kinyume cha mazoea yetu. Mnunuzi wa huko anaweza kuisoma 30,000 kama thelathini kamili; ni salama kuacha nafasi na kuandika 30 000. Tarehe nayo iwe na jina la mwezi, maana 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Sehemu ya bei katika ankara iliyokamilika husomeka hivi:

```
Vikapu 40 x USD 12.00 = USD 480.00
Malipo yafanyike kwa USD.
Ulinganisho: TZS 1 200 000
(USD 1 = TZS 2 500, tarehe 2 Machi 2026)
Bei hii inakoma tarehe 16 Machi 2026.
Gharama za benki: OUR
```

Mstari wa mwisho una maana kwamba mtumaji analipa gharama zote za kutuma fedha. Akichagua SHA, gharama hugawanywa, na benki za kati zinaweza kukata sehemu njiani. Akichagua BEN, gharama zote hukatwa kwenye fedha za kikundi. Upungufu wa namna hii huonekana kwenye idadi ya dola zilizoingia, si kwenye ubadilishaji wake; kwa hiyo angalia kwanza taarifa ya benki kabla ya kumlaumu mnunuzi.

Vikundi vinavyoandaa ankara ya kwanza ya nje vifike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri vikiwa na mchanganuo wa gharama kwa shilingi na kiwango cha siku hiyo cha benki yao cha kununua dola, ili ankara ikaguliwe kabla haijatumwa.